Kiganja kwa samaki, ngumi kwa ugali: namna ya kukadiria chakula bila mizani

Kukadiria chakula kwa mkono ni kutumia kiganja chako kupima protini na ngumi yako kupima wanga. Kipande cha samaki au nyama kilichopikwa, chenye upana wa kiganja bila vidole na unene wa kidole kidogo, huwa na gramu 85 hadi 100 hivi, na ndani yake protini ya gramu 20 hadi 30. Ngumi iliyofungwa ni kipimo cha ujazo: ugali, wali, viazi au ndizi zinazolingana nayo ni fungu moja la wanga. Mkono umechaguliwa kwa sababu uko nawe popote, na pia kwa sababu mtu mwenye mwili mkubwa kwa kawaida ana mkono mkubwa, kwa hiyo fungu lake linakua pamoja naye.

Hayo ndiyo maelezo utakayoyakuta kila mahali, na kwa minofu iliyokatwa vizuri yanatosha kabisa. Ukinunua minofu ya sangara pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, kazi ni rahisi: unaweka kiganja juu, unakata. Shida inaanza kwa vyakula ambavyo watu wa kandokando ya ziwa wanakula hasa, yaani sato mzima, dagaa, na bonge la ugali.

Tuanze na ngumi, maana hapo ndipo makosa makubwa yanapofanyika. Kwanza ujue ngumi yako ina ujazo gani. Jaza bakuli maji mpaka yafike ukingoni, liweke ndani ya sufuria pana au beseni kavu, kisha zamisha ngumi taratibu hadi kwenye kifundo cha mkono. Maji yaliyomwagika yamimine kwenye chupa ya nusu lita. Yakifika nusu ya chupa, ngumi yako ni robo lita. Wengi watakuwa hapo au juu kidogo, na mwanaume mwenye mikono mikubwa anaweza kukaribia theluthi ya lita. Jambo hili linafanyika mara moja tu maishani, isipokuwa kama bado unakua.

Sasa chukua ngumi ya robo lita ya wali. Wali una nafasi katikati ya punje, hivyo uzito wake ni kama gramu 160 na wanga wake kama gramu 45. Ngumi hiyohiyo ya ugali ni habari nyingine. Mpishi akisonga nusu kilo ya unga kwa lita moja ya maji, atapata ugali wa kilo moja na nusu? Hapana: maji mengine yanaondoka na mvuke, kwa hiyo sahani itabeba kilo 1.3 hivi. Nusu kilo ya unga ina wanga wa gramu 375 kwa makadirio, na ukigawanya utaona kila gramu 100 za ugali zina wanga wa gramu 28 au 29. Ugali umeshikana, hauna matundu, na ngumi ya robo lita inakaribia gramu 260. Hiyo ni wanga wa gramu 70 na ushee.

Kwa maneno mengine, ngumi moja ya ugali mgumu ni sawa na ngumi moja na nusu ya wali. Mkono unaona ukubwa tu. Kiasi cha maji kilichomo ndani ya chakula hauoni. Ndiyo maana mtu anayehama kutoka wali kwenda ugali kwa kipimo cha "ngumi mbili" anaongeza chakula bila kujua. Sembe au dona, tofauti ya wanga ni ndogo. Kinachobadilisha hesabu zaidi ni ugumu wa ugali wenyewe. Ukibonyeza tonge na likarudi laini, maji ni mengi na wanga umepungua. Na kwa matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa kisha vikaanikwa, ngumi isitumike hata kidogo: maji yameondoka, wanga umebaki, na kipande kidogo kinabeba kingi kuliko kiazi kibichi cha ukubwa huohuo.

Turudi kwenye kiganja. Sato mzima mezani anadanganya macho, kwa sababu kichwa, mifupa na matumbo vinachukua zaidi ya nusu ya uzito wake. Sato wa nusu kilo kabla ya kuparuliwa hutoa nyama ya gramu 180 hadi 200. Akikaangwa, maji yanapotea na nyama inasinyaa hadi gramu 140 au 150, ila protini haikwenda na mvuke, iko palepale, karibu gramu 36. Ukitaka kuhakikisha, chambua upande mmoja wote kabla ya kuanza kula, ulaze ile nyama kwenye ukingo wa sahani na uilinganishe na kiganja. Upande mmoja wa samaki wa saizi hiyo utapungua kidogo kiganja kimoja, na samaki mzima ni kama kiganja kimoja na nusu.

Dagaa hawalazwi, kwa hiyo wapime wakiwa bado wakavu, kabla ya kuwaosha. Kunja kiganja kama unapokea karanga: wanaojaa hapo ni gramu 25 hadi 30. Dagaa wakavu wana protini nyingi kwa uzito wao, zaidi ya nusu, hivyo kiganja hicho kilichokunjwa kinakupa gramu 15 hadi 18. Mchuzi na nyanya vikishaingia, sufuria inaonekana imejaa na kukadiria kunakuwa bahati nasibu.

Chukulia mlo wa mchana wa kawaida kwa mama ntilie: sato wa nusu kilo, bonge la ugali, mchicha. Samaki ni kiganja kimoja na nusu, gramu 36 za protini. Bonge la ugali, ukiweka ngumi pembeni bila aibu, mara nyingi linatoka ngumi mbili, yaani wanga wa gramu 140 na zaidi. Ugali huo nao una protini, kama gramu 15, ambayo kipimo cha kiganja hakiihesabu kabisa. Binafsi naona kwenye sahani ya namna hii samaki hana tatizo lolote. Anayetaka kupunguza apunguze ugali hadi ngumi moja, na samaki abaki alivyo.

Maharage yanahesabiwa pande zote mbili. Ngumi ya maharage yaliyochemka ina protini ya gramu 15 hivi na wanga wa gramu 40, kwa hiyo ukila wali maharage usijipe kiganja cha protini halafu ukasahau kwamba ngumi moja ya wanga imeingia kwa mlango huohuo. Mafuta ya kukaangia nayo hayaonekani kwa kiganja wala ngumi.

Makadirio haya yanaweza kukosea kwa robo hivi, juu au chini, hata kwa mtu aliyezoea. Kwa anayeangalia uzito wake hilo halina madhara, maana kosa la leo linajirudia kesho kwa kiwango kilekile na bado ataona kama anapanda au anashuka. Kwa mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini kulingana na wanga wa kila mlo, tofauti ya gramu 20 kwenye ngumi moja ya ugali inatosha kuharibu dozi. Huyo anahitaji mizani ya jikoni, angalau mpaka ameshapima ugali wa nyumbani kwake mara kadhaa na kujua ngumi yake ina uzito gani hasa.