Anakojoa vizuri, figo zimekwisha: maswali ya wanafunzi wa udaktari Dodoma

Dokta, hatua za ugonjwa sugu wa figo tunazipangaje?

Hakikisha kwanza kwamba ni sugu, yaani hitilafu imedumu zaidi ya miezi 3. Kisha soma eGFR, kasi ya figo kuchuja damu, kwa mililita kwa dakika. Kuanzia 90 ni hatua ya 1, na 60 hadi 89 ni ya 2, lakini zote mbili zinahitaji ushahidi mwingine, kama albumini kwenye mkojo. 30 hadi 59 ni ya 3, 15 hadi 29 ni ya 4, chini ya 15 ni ya 5.

Mgonjwa anakojoa kama kawaida. Si ina maana figo bado zinafanya kazi?

Hapana! Wingi wa mkojo hauonyeshi figo inachuja kiasi gani. Figo iliyochoka huendelea kutoa maji huku ikiacha asidi na potasiamu kwenye damu.

Tuseme mama wa miaka 54 kutoka Kongwa, mwenye presha ya miaka mingi, alikutwa na kreatinini, taka ya damu ambayo figo hutakiwa kuitoa, ya maikromoli 250 kwa lita. eGFR yake ilikuwa 19, hatua ya 4. Akaambiwa arudi kliniki. Hakurudi, kwa kuwa mkojo ulikuwa unatoka, na mgongo ukimuuma akameza diklofenaki za dukani. Jamani, diklofenaki kwa figo za namna hii! Baada ya miezi 6 analetwa anahema, kreatinini 620, eGFR 6. Na bado anakojoa.

Kwa hiyo eGFR ikishuka chini ya 15 tunaanza dialisisi, yaani kusafisha damu kwa mashine, siku hiyohiyo?

La. Utafiti wa IDEAL wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa kuanza mapema kwa kufuata namba tu hakurefushi maisha. Kinachoamua ni hali ya mgonjwa. Mama huyu potasiamu ni 6.9 na ECG ina mawimbi ya T yaliyochongoka. Unampa kalsiamu kulinda moyo, kisha insulini na glukosi. Lakini insulini huisukuma tu potasiamu ndani ya seli, haiitoi mwilini. Ikipanda tena, dialisisi haina mjadala. Ndivyo ilivyo pia kwa maji mapafuni yasiyosikia furosemidi, asidi isiyorekebishika, kuchanganyikiwa kunakotokana na uchafu wa damu, na msuguano unaosikika kwenye utando wa moyo. Msingoje mkojo ukauke. Wengi hufika hapo mkojo ukiwa unatoka.

Lakini ndugu zake wanasema mashine ndiyo inayoua, walioanza hawakupona.

Wanawaona wale walioanza wakiwa kama mama huyu. Angerudi akiwa hatua ya 4, angefuatiliwa na kutengenezewa mapema fistula mkononi, yaani ateri na vena zilizounganishwa ili damu ipite kwenda kwenye mashine, kwa sababu huchukua wiki kadhaa, pengine miezi, kukomaa. Sasa ataanza kwa katheta ya shingoni, ambayo huingiza vijidudu kwenye damu kwa urahisi zaidi.