Kiboko mmoja au viboko viwili?

Tulikwama kwenye herufi K ya kamusi tunayoitunga kwa asubuhi nzima kwa sababu ya kiboko. Mwenzangu alikuwa ameshaandika vidahizo viwili, yaani maneno ya kufasiliwa, kila kimoja na kinamba chake kidogo juu: kiboko cha kwanza mnyama wa mtoni, kiboko cha pili kitu cha kuchapia. Mimi nilitaka kimoja. Yeye ni mdogo kwangu kwa miaka mingi, lakini kwa ubishi hanipunguzii.

"Mzee, huyu anakula majani, hiki kinakula watoto wa shule," aliniambia. "Wanahusianaje?"

Swali lake ndilo swali lenyewe. Neno moja likiwa na maana kadhaa zilizozaana, hiyo ni polisemia, na kwenye kamusi linapewa kidahizo kimoja chenye maana zilizopangwa 1, 2, 3. Maneno mawili yasiyo na undugu yakigongana kwa sauti na kwa maandishi, hiyo ni homonimia, na kila moja linapewa kidahizo chake. Wenzetu waliosomea Kenya walifundishwa kuyaita yote vitawe, na kwa mwanafunzi anayetafuta maana mbili za neno kwenye mtihani hilo linatosha. Mtunga kamusi hana raha hiyo. Lazima aamue.

Kuna maneno ambayo hayamsumbui mtu. Meza ya kulia chakula imetoka kwa Wareno, na kumeza dawa ni kitenzi cha Kibantu. Tai anayeruka angani hana habari na tai ya shingoni iliyoletwa na Kiingereza. Hapo unaweka namba na kuendelea na kazi. Shida inaanza pale maneno yote yanapoonekana ya nyumbani.

Chukua ota. Mtu anaota ndoto, na mtu anaota moto au anaota jua. Niliwahi kumsikia mtu akieleza kwa ufasaha kabisa kwamba hili ni neno moja: anayeota moto jioni husinzia, akisinzia huota. Maelezo matamu, lakini ni ya uongo, na Kiswahili chenyewe kinaumbua. Tazama nomino ya kitenzi hicho: ndoto. Hiyo nd imetoka wapi wakati kitenzi kinaanza na o? Katika Kiswahili, l ikifuatana na n ya ngeli hugeuka kuwa d. Ulimi mmoja, ndimi nyingi. Kwa hiyo ndoto inatuambia kwamba kitenzi chake zamani kilianza na l: kilikuwa lota. Kiswahili kina tabia ya kuimeza l ya zamani, nayo ikapotea kwenye kitenzi, ila kwenye nomino n iliishika isikimbie.

Ukitaka kuhakikisha, vuka ziwa. Waganda wanasema okuloota kwa kuota ndoto, na l yao ipo palepale. Kwa kuota moto wanasema okwota, bila l yoyote. Chichewa nacho kina lota kwa ndoto. Kwa hiyo vilikuwa vitenzi viwili tofauti tangu zamani, kimoja kina l na kingine hakina. Kiswahili kilipoimeza l, vikagongana. Hii ndiyo homonimia ya kweli: ajali ya sauti, si uzazi wa maana. Vidahizo viwili, wala sihitaji kumuuliza mtu anahisije. Kaa naye ana kisa kinachokaribia hicho. Kaa la moto na kaa kwa maana ya kuishi vyote vimepoteza l, na mkazi kwa z yake bado anashuhudia kwamba konsonanti fulani ilikuwapo pale.

Kwa kazi ya kila siku sianzi na maana. Naanza na watoto wa neno. Nakiandika kitenzi juu ya karatasi, kisha chini yake naorodhesha kila nomino na kila mnyambuliko unaotoka humo, nikiangalia zinakwenda na maana ipi. Chini ya ota ya usingizini nimepata ndoto. Ota ya mbegu imenipa uoto, na otesha yake ni ya miche. Ota ya moto haijanizalia nomino inayojulikana, lakini haitembei peke yake: karibu kila mara inafuatana na moto au jua. Matawi yakielekea kila upande namna hii, nashuku mashina ni tofauti. Ninasema nashuku kwa sababu neno moja pia linaweza kuzaa watoto wasiofanana. Ushahidi wa sauti, kama ule wa ndoto, una uzito kuliko huu.

Sasa turudi kwa kiboko, maana mwenzangu alikuwa na hoja ambayo ota haiijibu. Hoja yake ilikuwa upatanisho wa kisarufi. Kiboko huyu amelala mtoni, kiboko hiki kimekatika. Kama kimoja ni a-/wa- na kingine ni ki-/vi-, alisema, basi sarufi imeshaamua na sisi ni makarani tu.

Hoja hii imetawala kamusi zetu kuliko tunavyokiri, na nadhani sababu yake ni ya uchapaji kuliko ya isimu. Mtindo uliozoeleka, ambao utauona hata kwenye Kamusi ya Kiswahili Sanifu, unaiandika ngeli mwanzoni mwa kitomeo, yaani kidahizo pamoja na maelezo yake, mara moja, kabla ya maana kuanza. Nafasi ni moja. Neno likiwa na mapatanisho mawili huna pa kuliweka la pili, kwa hiyo unafungua kidahizo kingine, na pasipo kukusudia umetangaza kwamba haya ni maneno mawili. Umbo la ukurasa limetoa hukumu ya historia ya neno.

Lakini katika Kiswahili, a-/wa- haifuati shina la neno. Inafuata uhai wa kinachotajwa. Ndege ni yuleyule: akiwa na manyoya ametua, ikiwa na injini imetua. Mbuzi wa kuchinjwa na mbuzi ya kukunia nazi ni jina moja lililohamishwa kutoka kwa mnyama kwenda kwa kifaa, na upatanisho ukahama pamoja na uhai. Tena hata kwa viumbe wenyewe upatanisho hauko thabiti. Tunasema mama yangu amefika, na wachungaji wengi husema mbuzi zangu wamepotea: kimilikishi kiko upande huu, kitenzi kiko upande ule, ndani ya sentensi moja. Kama upatanisho ungekuwa cheti cha kuzaliwa, mama yangu angekuwa na vyeti viwili.

Kwa hiyo nilimwambia mwenzangu kwamba ngeli inastahili kushuka, ikae ndani ya kila maana. Alikubali kwa ndege, akakubali kwa mbuzi. Kwa kiboko aligoma.

Na hapa ndipo aliponibana kweli. Kwa asili, viboko hivi ni kimoja, na njia ya kutoka maana moja hadi nyingine inajulikana. Mjeledi ulikatwa kutoka ngozi nene ya kiboko, ukakaushwa, ukaitwa kwa jina la mwenye ngozi. Enzi za Wajerumani ndio uliochapa migongo ya vibarua na wafungwa, na jina likaganda. Hii si picha wala mfano wa kufananisha kama ya mbuzi. Ni kitu na mali ghafi yake. Hayo yote mwenzangu anayajua.

"Lakini muulize mwanafunzi wa leo," alisema. "Anachapwa fimbo ya mpera. Ngozi ya kiboko ataijulia wapi?"

Ni kweli. Kiungo cha katikati, yaani ule mjeledi wa ngozi, kimetoweka maishani. Aliyebaki ni mnyama upande huu na fimbo upande ule, na kijana aliyezaliwa mjini anaviona kama watu wawili waliopewa jina moja kwa bahati. Kama kamusi ni ya wasemaji wa leo, hisia zao ni ushahidi. Wapo watunga kamusi wanaotenganisha kwa sababu hiyo tu, hata asili ikiwa moja, na sioni kama ni kosa. Wanajibu swali tofauti: neno hili linaishije sasa, badala ya limetoka wapi.

Mimi nina kanuni yangu kwa mahali hapa. Hisia ya kwamba maana zimeachana inaniambia nisikie zaidi, lakini sitenganishi mpaka niwe nimejaribu kukirudisha kiungo kilichopotea ndani ya fasili. Nikiweza kukirudisha kwa maneno matano au sita, na msomaji akasema "aa, kumbe", basi uhusiano haujafa, ulikuwa umesahauliwa tu. Ikinilazimu kuandika aya nzima ili aamini, ninagawa. Kwa kiboko niliandika hivi:

kiboko *nm vi-* 1 [a-/wa-] mnyama mkubwa mwenye ngozi nene aishiye majini na nchi kavu. 2 [ki-/vi-] mjeledi uliotengenezwa kwa ngozi ya mnyama huyo. *Kwa kupanuka* fimbo yoyote ya kuchapia.

Maneno "kwa ngozi ya mnyama huyo" yanafanya kazi yote. Ukiyatoa, mwenzangu ana haki ya kugawa.

Njia hii ina mpaka wake. Inafaa pale kiungo kinapojulikana kwa hakika. Kuna maneno ambayo watu wana hadithi nzuri ya kuyaunganisha, kama kanga wa madoadoa na kanga ya kuvaa, ambayo inasemekana iliitwa hivyo kwa sababu nguo za mwanzo zilifanana na manyoya ya ndege huyo. Huenda ndivyo. Lakini tulishaona hadithi ya anayesinzia kando ya moto ilivyokuwa tamu. Hadithi bila ushahidi siiweki kwenye fasili, kwa hiyo kanga kwangu amebaki na vidahizo viwili mpaka atakayekuja na kitu cha kushika.

Tulidhani tumemaliza. Mwenzangu akafungua mkusanyo wetu wa matini kutafuta mifano ya matumizi, akaandika kiboko kwenye kisanduku cha kutafutia, akaanza kucheka. Ukurasa ulijaa michezo na majigambo: fulani ni kiboko yao, huyu dada ndiye kiboko yake. Hayupo mnyama wala haipo fimbo. Ni mtu, anayewatandika wenzake kwa umahiri. Na angalia upatanisho: si kiboko chao, wala si kiboko wao. Yao, kama mama yao.

"Haya Mzee," akasema, "hii nayo iko ndani ya mabano yako?"

Iko. Ni maana ya 3, imetoka kwenye ya 2, mchapaji kutoka kwenye kichapio. Nimeiandika [a-/wa-], kisha nikaongeza kwa herufi za mlalo kwamba kimilikishi chake ni *yangu, yako, yake*. Mchapishaji ameshatupigia simu kuuliza kama hilo ni kosa la kupiga chapa.