Rivebu iliyomeza herufi H

Mwaka jana nilimiksi wimbo wa kijana mmoja, wa taratibu kidogo, 96 BPM. Kwenye kiitikio anaimba "mama hatarudi". Akampelekea shangazi yake, naye shangazi akauliza: anarudi lini?

Kosa lilikuwa langu. Rivebu, ule mwangwi wa chumba unaobaki nyuma ya sauti, ilikuwa na mkia wa sekunde 2.8, tamu kweli ukiisikiliza peke yake. Sasa angalia kinachotokea: neno "mama" linaishia na irabu, kama karibu maneno yetu yote. Ile "a" inaendelea kulia ndani ya rivebu wakati mwimbaji ameshafika kwenye "ha", na H ni pumzi tu, haina nguvu ya kuipenya. Ikizama, "hatarudi" inakuwa "atarudi". Kwa Kiswahili ukanushi mara nyingi umekaa kwenye silabi ya kwanza ya kitenzi, kwa hiyo hapo ndipo ninapotegea sikio.

Nilianza na Decay, yaani urefu wa ule mkia, nikaishusha hadi sekunde 1.3. Pre-Delay nikaiweka milisekunde 78, ili silabi itoke kavu kwanza, chumba kifuate nyuma yake. Hiyo 78 sikuiokota: milisekunde 60,000 za dakika moja ukigawa kwa mapigo 96 unapata 625, yaani pigo moja, na ukigawa tena kwa 8 unafika hapo. Rivebu inaingia na mdundo badala ya kuukwaza.

Rivebu yenyewe naiweka kwenye chaneli yake ya pembeni, sauti naituma kwa Send. Kabla haijaingia kwenye rivebu nakata chini ya 600 Hz, ambako uzito wa irabu umejaa, na juu ya 8 kHz ili zile S zisipige miluzi. Ukiisikiliza peke yake hivyo inasikika nyembamba, kama redio ya jirani. Iache. Ndani ya miksi inakaa.

Dilei, ile inayorudia neno baada ya kuimbwa, ndiyo ilinichelewesha zaidi. Niliiweka kwenye pigo moja, milisekunde 625, na kila marudio yakawa yanaangukia neno linalofuata. Kuipunguza sauti hakukusaidia. Ilipotea kabisa kabla maneno hayajasafika. Nikaweka kompresa kwenye chaneli ya dilei, Sidechain yake ikisikiliza sauti kavu. Akiimba, dilei inashuka kama 6 dB. Akinyamaza, inapanda na kujaza pengo. Release iwe karibu milisekunde 200. Ikiwa fupi mno, dilei inachungulia katikati ya silabi na utasikia inapumuapumua. Feedback sizidishi asilimia 20, marudio mawili yanayosikika yanatosha.

Mwisho niliizima rivebu ghafla wimbo ukiendelea. Kama hukujua ipo mpaka ilipokatika, kiwango ni hicho. Halafu nikamtumia shangazi tena, asikilize kwa spika ya simu, bila kumwambia nimebadilisha nini. Akajibu: "Kumbe ni msiba."