Alivimba miguu, hospitali ikataja figo

"Jirani yetu kule Kabare alianza kuvimba miguu tu. Imekuwaje hospitalini waseme ni figo, tena zimekwisha?"

Ni habari ya chumvi. Figo mbili za mtu mzima huchuja karibu lita 180 za maji ya damu kwa siku, kisha huyarudisha mwilini karibu yote. Kinachotoka kama mkojo ni kama lita moja na nusu. Wakati wa kuyarudisha ndipo figo hupima chumvi ya kubaki na ya kutoka. Figo iliyoumia haiwezi kuitoa chumvi yote ya ziada, na chumvi ikibaki, maji nayo hubaki. Yanapenya nje ya mishipa na, kwa kuwa mtu hushinda amesimama, yanateremkia miguuni. Usiku akilala yanatawanyika, ndiyo maana mgonjwa wa figo huamka na kope zimevimba, halafu jioni ni miguu.

Kuna na mlango wa pili. Vichujio vya figo vikiharibika huwa kama kitambaa cha kuchujia kasiksi kilichotoboka: protini iitwayo albumini, ambayo kazi yake mojawapo ni kuyashikilia maji ndani ya mishipa, inapita na kuishia kwenye mkojo. Mkojo huo hutoa povu jingi lisiloisha upesi.

Tuchukue mfano wa mkulima wa miaka 52, wa milimani juu ya Bukavu. Simsimulii mtu fulani. Nimeunganisha njia ambayo wagonjwa wengi hupita.

Mabuti yake ya shambani yalianza kumbana jioni. Hapo mwilini mlikuwa tayari na lita 2 au 3 za maji yasiyotakiwa, kwa sababu chini ya kiasi hicho jicho halioni kitu. Mke wake akibonyeza kidole kwenye mfupa wa muundi, shimo linabaki. Matende ya siku nyingi hayafanyi hivyo, ngozi yake huwa ngumu.

Kwa mtoto, jamaa wangesema bwaki, na wangempeleka haraka kupimwa. Kwa mtu mzima neno likawa lingine: "Hii njo karuho." Akanyweshwa dawa ya majani ya kumtapisha na kumharisha ili sumu itoke. Sibishani hapa na imani ya mtu. Nasema tu kwamba kutapika na kuharisha kulimnyang'anya maji yaliyokuwa ndani ya mishipa, si yale ya miguuni, na figo ambayo tayari ilikuwa dhaifu ikapata damu kidogo kuliko jana.

Majani yaliposhindwa akashuka famasi. Alilalamika kwamba miguu ni mizito na inauma, akauziwa diklofenaki. Dawa hii hutuliza maumivu kweli, lakini huzuia pia kemikali ambazo figo hutumia kuupanua mshipa unaoleta damu kwenye kichujio. Figo nzima huvumilia siku chache. Figo mbovu huchuja damu kidogo kuliko awali, chumvi huongezeka mwilini, presha hupanda na uvimbe unazidi. Akarudi, safari hii akapewa Laziksi, dawa ya kukojoza.

Laziksi ndiyo iliyompoteza, kwa maoni yangu, kuliko hata majani. Si kwamba ni dawa mbaya. Hospitalini angepewa hiyohiyo. Ila miguu ilinywea ndani ya juma moja, familia ikashukuru, na dalili pekee iliyokuwa inaonekana ikafutwa bila mtu kuuliza ilitoka wapi. Siku ile ungetosha mkojo kidogo kwenye chupa, kikaratasi cha kupimia kinachobadilika rangi ndani ya dakika moja au mbili, na kipimo cha presha mkononi.

Miezi ikapita. Akawa anaamka usiku mara tatu, nne, kwenda kukojoa, akaona ni uzee. Ladha ya chakula ikageuka, hata sambaza hazikumvuta tena. Mwili ukamwasha bila upele, kwikwi zikawa hazikatiki, na viganja vikawa vyeupe. Alipoanza kuhema akipanda mlima ambao zamani aliupanda na gunia begani, wakampakia kwenye moto hadi kituo cha afya. Muuguzi alimpima presha, akakuta 190 kwa 110, akaandika karatasi ya kumpeleka hospitali kuu ya zoni ya afya.

Daktari alianza na maswali. "Muzee, unaamkaka mara ngapi usiku? Mukojo iko na povu? Dawa gani umekunywa?" Swali la mwisho lilichukua muda, maana watu huona aibu kutaja majani, na vidonge vya famasi hawavihesabu kama dawa. Labo ikarudisha majibu: protini kwenye mkojo misalaba mitatu, hemoglobini 7, yaani damu imepungua sana, na kreatinini 7.8.

Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli, na figo ndizo huiondoa. Kwa mwanamume mzima huwa karibu na miligramu 1 kwa desilita moja ya damu. Kwa hesabu ya haraka, kila inapojirudufu nguvu ya figo hupungua nusu: ikifika 2 imebaki nusu, ikifika 4 imebaki robo, ikikaribia 8 imebaki kama sehemu moja ya nane. Madaktari wana fomyula inayoingiza umri na jinsia. Kwa mkulima wetu inatoa karibu mililita 8 kwa dakika, wakati mtu mzima mwenye afya huwa na kama 100. Chini ya 15 huitwa hatua ya tano, ya mwisho. Ngazi hiyo inaeleza pia kwa nini hakusikia kitu zamani: mtu anaweza kupoteza nusu ya figo zake na bado akalima.

Lakini kreatinini peke yake haisemi kama figo zimeumia juzi au miaka mingi nyuma, na tofauti ni kubwa, kwa sababu figo iliyoumia ghafla inaweza kupona. Ekografi ndiyo iliyoamua. Figo ya mtu mzima huwa na urefu wa sentimita 10 hadi 12. Zake zilikuwa 7 na nusu, zimesinyaa na kujaa makovu. Upungufu wa damu ulikubaliana na hilo, kwa kuwa figo ndizo hutoa homoni inayouamrisha uboho kutengeneza damu. Presha ya miaka mingi ndiyo iliyoshukiwa kwanza, ingawa figo zikifika hapo ni vigumu kusema kama presha iliziua au zenyewe ziliipandisha.

Kilichofuata kilikuwa kushusha presha, kupunguza chumvi, kuacha diklofenaki kabisa, na kuchunga potasiamu, ambayo ikijaa inaweza kusimamisha moyo bila onyo. Hapo ndizi, maharagi na sombe, chakula cha kila siku, vikawa vya kupimwa. Viazi vikatwe vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, na maji yale yamwagwe. Akaelezwa pia dayalisisi: mashine ya kuchuja damu, kwa kawaida mara tatu kwa juma, kwa muda wa saa nne kila mara, na hairudishi figo bali inafanya sehemu ya kazi yake.

Daktari akawaita na watoto wake, kwa sababu ugonjwa wa figo hupenda kutembea ndani ya familia. Kijana wa pili alikutwa na protini msalaba mmoja na presha 150 kwa 95. Hakuambiwa mgonjwa siku hiyo, kwani homa au kazi nzito huweza kutoa protini ya muda mfupi. Aliambiwa arudi baada ya majuma mawili, na alete mkojo wa kwanza wa asubuhi.