CTR ya juu si ushindi kama watu wanaondoka sekunde ya ishirini

Kila wiki kuna mtu anarudia ushauri uleule kuhusu kijipicha cha YouTube, ile picha ndogo anayoiona mtu kabla ya kufungua video: weka uso uliopanua mdomo, mshale mwekundu, duara, na kichwa cha habari chenye herufi kubwa tupu, maana "bila kutia chumvi hakuna atakayebofya". Wanaoamini hivyo hutoa ushahidi mmoja tu, kwamba CTR, yaani asilimia ya maonyesho ya kijipicha yaliyoishia kwenye mbofyo, ilipanda. Ni kweli, mara nyingi hupanda. Kinachonikera ni kwamba hawafungui ukurasa wa pili wa takwimu, ambako balaa lenyewe limekaa.

Tuchukue video moja ya kawaida. Ina dakika tisa na inaeleza kwa nini simu inachaji polepole: mara nyingi tundu la chaji limejaa vumbi na nyuzi za mfukoni, waya haukai sawasawa. Dawa yake ni kuzima simu na kulisafisha tundu taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao, bila kitu cha chuma. Mwenye chaneli anaandika "SIMU YAKO ITALIPUKA USIPOFANYA HIVI!!!" na kwenye kijipicha anaweka simu inayowaka moto. Ndani ya video hakuna moto wala mlipuko, na hakuna anayeuzungumzia.

Sasa tupige hesabu, kwa namba za mfano tu. Kijipicha cha moto kikionyeshwa mara 1,000 na CTR ikawa 9%, unapata mibofyo 90. Hao waliokuja kuona mlipuko wakakaa kwa wastani wa sekunde 50, jumla ni dakika 75 za kutazamwa. Kijipicha cha kweli kikipata 6%, ni mibofyo 60 tu, lakini hao ni watu wenye simu inayochaji polepole. Wakikaa dakika tatu na nusu kila mmoja, jumla ni dakika 210. Video ya pili ndiyo iliyomfaa mtazamaji, na YouTube inapima mambo yote mawili: nani amebofya, na nani ameridhika baada ya kubofya. Tangu mwaka 2012 muda wa kutazama umepewa uzito katika mapendekezo yake, hasa kwa sababu idadi ya mibofyo peke yake ilikuwa inawazawadia waongo.

Hapo wengi wananikubalia, kisha wanateleza kwenye jambo gumu zaidi: kijipicha kinaweza kuwa cha kweli kabisa na bado kikamwangusha mtazamaji. Tuseme umeondoa moto, umeweka picha ya tundu la chaji lililojaa uchafu, na kichwa kinasema "Simu inachaji polepole? Safisha hapa kwanza". Safi. Lakini tundu lenyewe linaonekana dakika ya sita na sekunde arobaini, baada ya salamu, ombi la kujiunga na chaneli, na historia ndefu ya aina za chaja. Hujadanganya, ila umechelewesha deni. Mtazamaji hajui kwamba kitu kipo mbele. Anachojua ni kwamba alichokibofya hakioni.

Utalitambuaje tatizo hili? Fungua mchoro wa ubakiaji wa watazamaji kwenye YouTube Studio, ule unaoonyesha ni asilimia ngapi bado wanatazama kila sehemu ya video. Usitishwe na mteremko wa mwanzoni, karibu kila video inao. Tazama umbo lake. Mstari ukiporomoka ndani ya sekunde 30 za kwanza kisha ukatulia, ahadi na mwanzo wa video havikukutana. Ukiporomoka, kisha ukachomoza kilima kuanzia dakika ya sita na nusu hivi, hapo watu wanaruka mbele kukitafuta kile walichokiona kwenye kijipicha. Kilima hicho kinakwambia mambo mawili: kijipicha kilichagua kitu sahihi, na wewe ulikizika. Dawa ni kukileta mbele. Onyesha tundu hilo chafu ndani ya sekunde kumi za kwanza, sema utakachofanya, kisha eleza sababu. Kama video imeshapanda, kihariri cha ndani ya Studio kinaweza kukata ule utangulizi bila kuipakia upya.

Ndiyo maana napendelea kijipicha kutoka kwenye video yenyewe. Si lazima kiwe fremu iliyokatwa tu, maana fremu nyingi zina ukungu wa mwendo. Piga picha ya pekee ya kitu kilekile, mahali palepale, kwa mwanga ule ule. Mtazamaji akiingia akakuta mkono uleule na simu ileile, anajua amefika.

Mambo ya ukubwa nayapitia haraka: pikseli 1280 kwa 720, uwiano wa 16:9. Kona ya chini kulia iache tupu kwa sababu namba za urefu wa video hukaa juu yake. Ukimaliza, punguza picha hadi upana wa pikseli 160 hivi uitazame ukiwa umenyoosha mkono. Kama huwezi kutambua kwamba hilo ni tundu la simu, sogeza kamera karibu. Kuongeza mshale hakutasaidia. Maneno juu ya picha yasizidi matatu au manne, na yasirudie kichwa. Kichwa kikisema "Simu inachaji polepole? Safisha hapa kwanza", picha iseme "Uchafu huu", basi. Kichwa kinaruhusiwa herufi 100, lakini kwenye simu mwisho wake hukatwa, kwa hiyo tatizo la mtazamaji likae kwenye maneno ya kwanza na jina la chaneli yako lisikae hapo kabisa.

Kuhusu nyuso: sina msimamo mkali. Kuna video ambazo uso ndio habari, na kuna nyingine, kama hii ya tundu, ambapo uso unakula nafasi ya kitu kinachotafutwa. Anayekwambia kuna kanuni moja anakudanganya.

Na usiilinganishe CTR yako ya leo na ya juzi kana kwamba ni joto la mgonjwa. YouTube yenyewe inasema nusu ya chaneli na video zote huwa kati ya 2% na 10%, na upana huo una sababu. Siku za mwanzo video huonyeshwa zaidi kwa wanaokufahamu, nao hubofya kwa urahisi. Ikianza kupelekwa kwa wageni, CTR hushuka huku watazamaji wakiongezeka. Watu wanaiona inashuka, wanaingiwa na hofu, wanabadilisha kijipicha kilichokuwa kinafanya kazi vizuri. Soma CTR pamoja na idadi ya maonyesho na mahali yalipotokea: utafutaji, ukurasa wa mwanzo au video zinazopendekezwa.

Ukitaka kujaribu, Studio inakuruhusu kulinganisha hadi vijipicha vitatu kwa wakati mmoja, na mshindi huchaguliwa kwa mgawo wa muda wa kutazama, si kwa CTR. Jaribio linaweza kuchukua wiki mbili, na kwa chaneli ndogo mara nyingi huisha bila mshindi wa wazi. Kwa hiyo usijaribu tofauti za rangi ya maandishi. Weka vijipicha vyenye mawazo tofauti kweli: kimoja tundu chafu kwa karibu, cha pili kijiti kikitoa uchafu, cha tatu skrini ya simu iliyokwama kwenye asilimia ndogo ya chaji. Vyote vitatu viwe vitu vinavyoonekana ndani ya video, na kabla ya kuvipakia andika kila kimoja kinaonekana dakika ya ngapi. Kinachochelewa zaidi ya dakika moja, kionyeshe kidogo mwanzoni au kitoe kwenye jaribio.