Mteja wako amehama kazi: mwandikie lini, umwambie nini

Katika kazi yangu ya kushauri timu za mauzo, dalili ninayoithamini kuliko zote ni barua pepe iliyorudi. Ukimwandikia mteja wa siku nyingi kwa anwani yake ya kazini, ujumbe ukarudi na namba 550 5.1.1, seva ya kwao haiitambui tena anwani ile. Kama hukukosea kuiandika, huenda mwenyewe ameondoka. LinkedIn inaweza kuchelewa kukwambia, maana wengi hawana haraka ya kubadilisha wasifu wao, na wengine huzima Notify network ili wasitangaze.

Hakikisha kwanza. Fungua wasifu wake utazame mwezi alioanza kazi mpya, kwa sababu taarifa ya LinkedIn huenda ikatokana na kazi ya zamani aliyoiongeza tu. Usipoona mwajiri mpya, usipongeze: huenda amepunguzwa. Hapo msalimie, umjulie hali, basi.

Tuseme unauza programu ya kusimamia bohari. Meneja ununuzi aliyeizoea katika kampuni ya usafirishaji amehamia kwa msambazaji wa dawa. Wiki ya kwanza mwandikie hivi: “Hongera sana kwa kazi mpya. Bado nakumbuka ulivyosimamia ile hesabu ya mali hadi tofauti zote zikapatiwa maelezo. Nakutakia mwanzo mwema.” Usiongeze ombi lolote. Siku hizo hajui bajeti iko kwa nani wala nani anaamua nini. Ukimuuliza kuhusu programu atakujibu “kwa sasa hapana”, na jibu hilo likishatoka ni kazi kulirudisha nyuma.

Mpe kama wiki sita. Kufikia hapo ameshaiona bohari na kujua panapovuja. Sasa muulize jambo moja la kazi yake mpya: wanafuatiliaje tarehe za mwisho wa matumizi ya dawa? Akieleza kwa kirefu, omba muda mzungumze. Akijibu kwa neno moja, mwache apumue. Wala usimdokoe habari za bei au mikataba ya alikotoka, maana huenda bado anabanwa na ahadi ya usiri, na atajiuliza siku moja utasema nini juu yake.

Wauzaji wengi huishia hapo, wakasahau kiti alichokiacha. Mimi huanza na hicho, kwa sababu anayekikalia amerithi programu ambayo hakuichagua, na ni kawaida ya mgeni kuwapitia upya wauzaji wote. Ukiwahi kusikia kabla mteja wako hajaondoka, mwombe akutambulishe kwa atakayempokea. Kisha mpelekee huyo mpya ukurasa mmoja: nani wanaitumia, kwa kazi gani, mkataba unaisha lini, na matatizo gani bado hamjayamaliza. Usiyafiche hayo ya mwisho, kwa sababu watu wa bohari watamweleza tu, na ni heri ayakute kwako pamoja na tarehe ya kuyatatua.