Hundi huchelewa kwa sababu pesa iko njiani?

Hapana, hakuna noti inayosafiri. Kila benki ya Kenya ina akaunti Benki Kuu, na malipo hukamilika tarakimu zikibadilika humo. Hundi husubiri kwa kuwa hukusanywa kwa mafungu. Tuseme wateja wa benki ya kwanza wanailipa ya pili milioni 50, nao wa pili wanalipa milioni 47: inayohama ni milioni 3 tu. Ndiyo, tatu!

KEPSS, mfumo wa Benki Kuu wa malipo kati ya benki ulioanza 2005, hulipa kila muamala peke yake, kwa kiasi chake chote, papo hapo. Malipo yanayozidi shilingi milioni moja hayapiti kwa hundi. Lakini akaunti ya benki inayolipa ikipungukiwa, muamala hukaa foleni.